STO, SS1 au SS2: kitufe cha dharura kikibonyezwa, roboti isimame vipi?

Wajenzi wengi wa roboti huanza na swali la kitufe: kiwe kikubwa kiasi gani, kiwekwe wapi, kiunganishwe na nini. Hayo yote yana majibu, na nitayagusa. Ila swali gumu liko upande wa pili wa waya. Kitufe kimebonyezwa, saketi imefunguka, sasa mkono wa roboti ufanye nini katika nusu sekunde inayofuata? Ukatiwe umeme hapo hapo? Upunguze mwendo kwanza ndipo ukatiwe? Au usimame huku mota zikiendelea kuushikilia?

Kiwango cha IEC 60204-1 kinazitaja njia hizo tatu kama kategoria za kusimama: 0, 1 na 2. Kategoria 0 ni kukata nishati mara moja. Kategoria 1 ni kusimama kwa mpangilio nishati ikiwa bado ipo, kisha kuikata. Kategoria 2 ni kusimama kwa mpangilio na kuiacha nishati ikae. Katika draivu, yaani vifaa vinavyolisha na kuongoza mota, utaziona kwa majina ya IEC 61800-5-2: STO, SS1 na SS2. STO humnyima mota uwezo wa kuzungusha. SS1 hupunguza mwendo halafu huleta STO. SS2 hupunguza mwendo halafu huingia SOS, yaani mota inashikilia mahali ilipo huku draivu ikichunguza kwamba haisogei.

Angalizo moja kabla ya kuendelea, maana limewachanganya wengi, mimi nikiwemo. ISO 13849-1 nayo ina "Kategoria" zake: B, 1, 2, 3 na 4. Hizo huelezea muundo wa saketi, yaani inavyohimili hitilafu, na hazina uhusiano wowote na kategoria za kusimama. Ukisoma "Kategoria 3" kwenye karatasi ya relei, hapo wanazungumzia njia mbili za umeme zinazoangaliana, wala si namna mota inavyosimama.

Tuchukue roboti moja, tuipitishe katika njia zote tatu

Nachagua roboti yenye nguzo: mhimili wa wima unaopandisha na kushusha mkono, mtu akiwa amesimama kando anaipangia sehemu mezani. Kila kinachosogea kwenye mhimili huo, mkono, kishikio na mzigo, kina uzito wa kilo 18. Mkono unashuka kwa mita 0.5 kwa sekunde pale kitufe kinapobonyezwa. Mhimili unaendeshwa kwa mkanda, hivyo ukiuachia unaanguka wenyewe. Mota ina breki ya springi: ikipata umeme inafunguka, ikikosa umeme inabana. Relei ya usalama, kifaa kinachosoma kitufe na kuamuru kusimama, na draivu kwa pamoja huchukua milisekunde 30 tangu kitufe kibonyezwe hadi draivu itende. Breki nayo huchukua milisekunde 80 tangu ikatiwe umeme hadi ibane kweli. Takwimu hizi ni za mfano, lakini ndizo utakazozitafuta kwenye karatasi za vifaa vyako.

Nimeuchagua mhimili wa wima makusudi. Kwenye mhimili wa mlalo mvuto hauuongezei mkono kasi. Kwenye wima, dunia yenyewe inavuta, na hapo ndipo maamuzi mabaya hujionyesha.

Njia ya kwanza: kata papo hapo

Wengi huamini kwamba kukata umeme ndiyo salama kuliko zote, kwa kuwa hakuna kitu cha kuharibika katikati. Umeme haupo, basi hakuna mwendo. Hesabu inasema vingine.

Milisekunde 30 za mwanzo mkono bado unashuka kwa mwendo wake wa kawaida: milimita 15. Kisha draivu inaingia STO na breki inakatiwa umeme wakati huo huo. Hapa kuna pengo. Mota haina nguvu tena, na breki bado haijabana. Kwa milisekunde 80 hakuna anayeushika mkono. Unaendelea na mwendo wake na juu yake unaongezewa kasi ya kuanguka: milimita 40 za mwendo uliokuwepo na 31 za mvuto, jumla 71. Breki inapobana, mkono hauko tena kwenye mita 0.5 kwa sekunde bali karibu 1.29. Yaani kwa kubonyeza kitufe cha kusimamisha, umeufanya uende kasi zaidi ya maradufu.

Sasa breki inabana. Tukichukulia kwamba inaweza kupunguza mwendo kwa mita 10 kwa sekunde kila sekunde, mkono utasafiri milimita 83 nyingine. Jumla yote ni milimita 169. Kwa uhalisia itakuwa pungufu kidogo, maana msuguano na uzito wa rota huchelewesha kuanguka, lakini unapopanga usalama unahesabu upande mbaya.

Kuna ubaya wa pili usioonekana siku hiyo. Breki nyingi zilizomo ndani ya mota za servo zimetengenezwa kushikilia mzigo uliokwisha simama. Mtengenezaji huruhusu idadi fulani tu ya kusimamisha mzigo unaokwenda. Katika mfano wetu kila mbonyezo unaitupia breki karibu jouli 30 za joto. Wafanyakazi wakizoea kutumia kitufe cha dharura kama swichi ya kwenda chai, breki inakwisha taratibu na hakuna taa inayowaka kusema hivyo. Dalili ya kwanza ni mkono kuteleza milimita chache baada ya kusimama. Weka alama ya kalamu kwenye nguzo, simamisha mkono ukiwa na mzigo kamili, uangalie baada ya dakika chache kama alama imehama.

Hata hivyo njia hii ina sifa ambayo nyingine hazina: baada ya zile milisekunde 30, haitegemei akili ya draivu. Programu ikiganda, enkoda inayopima nafasi ikikatika waya, kidhibiti kikichanganyikiwa, matokeo ni yale yale 169. Hayabadiliki. Nitairudia sifa hii.

Na ukitaka kuipunguza, anza na breki, kabla hujawaza kubadilisha draivu. Mafundi wengi huweka diodi sambamba na koili ya breki ili kuzuia msukumo wa volti koili inapokatwa. Diodi inafanya kazi hiyo vizuri mno: inauacha mkondo uendelee kuzunguka ndani ya koili, na breki inachelewa kubana. Badala yake tumia varista, au diodi pamoja na zena, ili mkondo ufe upesi. Tuseme kwa kufanya hivyo breki yetu inatoka milisekunde 80 na kufika 40. Hesabu upya: 15, kisha 28, kisha 40. Jumla milimita 83. Umepunguza umbali kwa nusu bila kugusa kitu kingine. Jambo hilo hilo hutokea kwenye kontakta, zile swichi kubwa zinazoendeshwa kwa koili, kwa hiyo angalia na huko.

Njia ya pili: punguza mwendo kwanza, ndipo ukate

Hapa relei haikati mara moja. Inaiambia draivu isimamishe, na papo hapo inaanza kuhesabu muda. Draivu bado ina umeme, basi inautumia kuushika mkono. Baada ya milimita 15 za mwanzo, tukiiruhusu ipunguze kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde, mkono unasimama katika milisekunde 100, na unasafiri milimita 25. Jumla 40. Kisha draivu inaufunga mlango: breki inakatiwa umeme mota ikiwa bado inashikilia, zile milisekunde 80 zinapita bila mkono kusogea, na ndipo STO inaingia. Hakuna pengo. Breki imekabidhiwa mzigo uliosimama, kazi iliyotengenezewa.

Muda wa kuweka kwenye kipima-muda unatokana na hesabu hiyo: 100 za kusimama, 80 za breki, na akiba juu yake. Mimi ningeweka milisekunde 250. Ukiweka 150 kwa kudhani kwamba muda mfupi ni salama zaidi, STO itaingia breki ikiwa katikati ya safari, na umerudisha lile pengo ulilokuwa unalikimbia. Nimeikuta hitilafu hii kwenye mashine iliyokuwa na kila kitu cha gharama: mkono ulisimama vizuri, ukatulia, halafu ukadondoka kidogo, "tup". Mwendeshaji aliniambia, "Bwana fundi, hiyo ndiyo tabia yake." Haikuwa tabia. Kipima-muda kilikuwa kimewekwa bila kuuliza breki inachukua muda gani.

Milimita 40 dhidi ya 169: mshindi anaonekana wazi. Ila hizo 40 zinatolewa na draivu iliyo nzima. Je, ikiwa kitufe kimebonyezwa kwa sababu draivu ndiyo imeharibika?

Hapa SS1 inagawanyika, na jina kwenye karatasi ya draivu ni muhimu. SS1-t huangalia muda peke yake. Inasema: nimekuambia usimame, nakupa milisekunde 250, kisha nakata, ulisimama au hukusimama. SS1-r huangalia mwendo wenyewe ukishuka. Kila wakati inalinganisha kasi halisi na mstari wa kupungua unaotarajiwa, na kasi ikivuka mstari inakata bila kusubiri.

Tuiharibu draivu tuone. Badala ya kupunguza, inaongeza kasi kuelekea chini kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Kwa SS1-t mkono unasafiri milimita 296 kabla STO haijaingia, ukiwa umefikia mita 1.75 kwa sekunde. Kisha pengo la breki, kisha breki yenyewe. Jumla inakaribia milimita 790. Nguzo nyingi hazina hata urefu huo uliobaki, kwa hiyo mkono unagonga mwisho, au unagonga kilichopo mezani.

Kwa SS1-r, tuseme hitilafu inagunduliwa baada ya milisekunde 20. Mkono umefika mita 0.6 kwa sekunde, STO inaingia, pengo linapita, breki inabana. Jumla ni milimita 201 hivi. Linganisha sasa: siku mbaya kabisa ya SS1-r inazidi siku ya kawaida ya kukata papo hapo kwa milimita 32 tu, na siku zake nyingine zote ni 40. Kwa mhimili wa wima karibu na mtu, sioni sababu ya kuchagua kingine ikiwa draivu yako inaiweza. Kama draivu ina SS1-t pekee, jiulize kwanza kama zile milimita 790 zinaweza kumfikia mtu. Zikiweza, bora kukata papo hapo ukiwa na breki ya haraka, ukaishi na 83 zinazotabirika.

Njia ya tatu: simama, lakini usikate

SS2 inasimama kama SS1, halafu mota inaendelea kushikilia. Breki haibani, nishati ipo, na ulinzi wa SOS unachunguza enkoda: mkono ukihama nje ya upenyo mdogo ulioruhusiwa, STO inaingia.

Kwa kitufe cha dharura njia hii haikubaliki. ISO 13850 inaruhusu kategoria 0 au 1 tu. Sababu yake ni ya kibinadamu kuliko ya kiufundi: anayebonyeza kitufe cha dharura anaamini kwamba sasa anaweza kuingiza mikono. Haruhusiwi kudanganywa na mashine iliyotulia huku mota zikiwa na uhai.

Mahali pake ni kusimama kwa kinga, yaani pale mtu anapoingia eneo la roboti na skana ya leza ikamwona. Hilo hutokea mara kadhaa kwa saa, mahali pengine mara mia kwa siku. Kila mara ukikata nishati, unachosha breki na kontakta na unapoteza muda wa kuamka upya. Baya zaidi, watu wakichoshwa na kusubiri wataanza kutafuta namna ya kuifumba macho skana. Ukitumia SS2, mtu anaingia, mkono unatulia, anatoka, mkono unaendelea. ISO 10218 inaukubali mtindo huu kwa roboti zinazofanya kazi na watu, mradi huko kutulia kunasimamiwa na sehemu ya usalama ya draivu. Amri ya kasi sifuri kutoka kwenye programu ya kawaida haitoshi.

Kwa hiyo roboti moja huhitaji njia mbili kwa wakati mmoja, SS2 kwa skana na SS1 kwa kitufe, na kitufe kiwe na sauti ya mwisho. SOS ikiwa imeshikilia na mtu akabonyeza kitufe, mfumo unapaswa kuendelea hadi STO. Lijaribu hilo kwa mkono, kwa maana ni mpito unaosahaulika kwenye majaribio.

| | Kata papo hapo (STO) | Punguza, kisha kata (SS1-r) | Simama na ushikilie (SS2) |
|---|---|---|---|
| Umbali vifaa vikiwa vizima | mm 169 (83 kwa breki ya haraka) | mm 40 | mm 40 |
| Umbali draivu ikikosea | ule ule | mm 201 hivi | kama SS1-r, ikiwa kupungua kwa mwendo kunasimamiwa |
| Mzigo kwa breki | mzito kila mara | mwepesi | haiguswi |
| Kitufe cha dharura | inafaa | inafaa | hairuhusiwi |
| Mtu akiingia eneo | inachosha mashine | inawezekana | inafaa zaidi |

Kuna njia ya nne ambayo sikuiweka kwenye jedwali kwa kuwa haistahili kuitwa kitufe cha dharura: kitufe kinachosomwa na pini ya kidhibiti kidogo, ambacho kinatuma ujumbe wa kasi sifuri. Kwenye roboti za majaribio utaiona imeandikwa hivi:

```
if estop_pressed:
    cmd_vel.publish(Twist())
```

Inafaa kama kusimama kwa adabu. Lakini mstari huu unahitaji programu iwe hai, mtandao uwe mzima, na draivu iwe inasikiliza. Roboti inapomkimbilia mtu, mara nyingi moja kati ya hayo matatu ndilo lililokufa. Uache uwepo, na kitufe kikate pia kwa waya.

Saketi inayobeba uamuzi

Ukishachagua namna ya kusimama, saketi haina mengi ya kubishania. Toleo la 2011 la ISO 10218-1 lilidai kiwango cha kutegemeka cha PL d na muundo wa Kategoria 3 kwa kazi za usalama za roboti, na huo bado ni msingi mzuri wa kuanzia. Kwa maneno ya kawaida: hitilafu moja isiiue kazi ya kusimamisha, na inapowezekana ijulikane kabla ya ya pili kutokea.

Kitufe kiwe na pointi mbili za NC, yaani zinazopitisha umeme kitufe kikiwa hakijabonyezwa, na ziwe za aina inayofunguliwa kwa nguvu ya mkono moja kwa moja, bila kutegemea springi. Hivyo hata pointi zikishikana kwa joto, mbonyezo unazitenganisha. Kila pointi inakwenda kwenye njia yake ya relei ya usalama. Relei ipeleke msukumo wa majaribio kwenye njia hizo, tofauti kwa kila moja, maana njia zote mbili zikibeba volti 24 za kawaida na waya zikagusana ndani ya mfereji uliopondeka, relei haitajua. Itaona umeme kama kawaida, kitufe kimoja kimeshakuwa na njia moja, na utagundua siku ya pili ya bahati mbaya.

Kutoka kwenye relei, waya mbili zinaingia pini mbili za STO za draivu. Kama draivu yako haina STO na inabidi ukate umeme kwa kontakta, weka mbili mfululizo, na pointi zake za ziada ziwe zile zinazoakisi pointi kuu kwa hakika. Zipitishe kwenye mzunguko wa kuwasha upya wa relei. Kontakta moja ikishikana, nyingine bado inakata, na relei inakataa kuwashwa. Mwendeshaji atalalamika kwamba mashine "imegoma". Haijagoma. Inakuambia kontakta moja imekufa. Fundi atakayeunganisha waya wa kuruka hapo ili kazi iendelee ameiondoa njia ya pili yote.

Pia usikate umeme kwa upande wa usambazaji ukidhani mota itasimama papo hapo. Kapasita za draivu zina akiba, na mota inaweza kuendelea kuendeshwa kwa muda hadi akiba iishe.

Sasa kasoro ambayo hakuna relei itakayoiona. Kichwa chekundu cha kitufe kiko mlangoni, na kipande chenye pointi kimebanwa nyuma yake. Mtetemo ukikilegeza, kipande kinadondoka ndani ya kabati, bado kimeunganishwa na waya zake. Pointi za NC zimefungwa, njia zote mbili zina umeme, relei ina taa za kijani. Ukibonyeza, kichwa kinaingia na hakuna kinachotokea. Njia zako mbili zimekufa pamoja kwa sababu zilikaa kwenye kipande kimoja. Vipo vipande vinavyojisimamia, vyenye pointi ya ziada inayofunguka vikitengana na kichwa. Kama huna, basi kubonyeza kila kitufe mwanzoni mwa zamu ndiyo kinga pekee.

Hali salama haiishii kwenye mota

Kishikio kinafanya nini nishati ikikatika? Kikifunguka, sehemu ya kilo 6 inamwangukia mtu. Kwa hiyo jibu la kawaida ni kiendelee kubana, kwa springi, au kwa vali isiyorudisha hewa iliyo karibu na silinda kabisa, ili hata bomba likipasuka hewa ibaki. Lakini fikiria kidole cha mtu ndicho kilichobanwa. "Endelea kubana" sasa ni adhabu. Njia ya kutoka ni kuipunguza nguvu ya kishikio tangu mwanzo hadi kiasi kisichoumiza, na kuweka namna ya kukifungua kwa mkono bila umeme. Kwa kishikio cha kufyonza hewa, tanki dogo na vali ya njia moja hununua muda, na muda huo una mwisho. Upime ukiwa na mzigo halisi.

Vivyo hivyo kwa mkono wenyewe. ISO 10218 inataka mihimili iweze kusogezwa bila nguvu ya mota, ili kumtoa mtu aliyebanwa. Wengi huweka kitufe cha kufungua breki na kuona wamemaliza. Kwenye nguzo yetu, mtu akiwa amebanwa chini ya mkono na mwenzake akabonyeza kufungua breki, kilo 18 zinamshukia. Ama weka uzito wa kusawazisha au springi ya gesi ya kubeba uzito huo, ama hakikisha kitufe hicho hakifikiwi bila mtu mwingine kuushika mkono kwanza. Uzito wa kusawazisha unapunguza pia madhara ya lile pengo la njia ya kwanza. Ningeanza kubuni hapo kabla ya kununua draivu yoyote.

Kisha kuna kuamka. Kuzungusha kitufe kirudi juu kusiiwashe roboti. Kuwasha upya kuwe kitendo kingine, na kuanza kazi kuwe cha tatu. Upande wa programu kuna mtego: kidhibiti kisichoambiwa kuhusu STO huendelea kuhesabu njia ya mkono wakati mkono umelala. Umeme ukirudi, tofauti kati ya kinachotakiwa na kilichopo ni sentimita kadhaa, na mkono unaruka kuifukuzia. Niliwahi kusimama karibu na mkono ulioruka hivyo. Tangu siku hiyo sisimami tena ndani ya eneo wakati wa kuwasha. Dawa yake ni kidhibiti kusoma hali ya STO, kuitupa njia ya zamani, na kuanza upya kutoka kwenye namba ya enkoda:

```
if sto_active:
    trajectory.clear()
    q_target = q_measured
```

Kupima

Hesabu zote za juu ni za karatasi. Kabla mtu hajaruhusiwa kusogea karibu, weka mzigo kamili, mwendo wa juu kabisa, mkono ukishuka, na ubonyeze. Rekodi nafasi ya enkoda kila milisekunde pamoja na hali ya kitufe, ili ujue saa ya kuanza. Rudia mara kumi na uchukue umbali mkubwa kuliko yote, usichukue wastani. Kisha zima uwezo wa draivu kupunguza mwendo, kwa kulegeza kupita kiasi upunguzaji wa draivu yenyewe huku mstari unaosimamiwa na SS1-r ukiachwa ulivyo, na uone kama SS1-r inakata mapema au inasubiri muda uishe. Ikisubiri, ulichonunua ni SS1-t, haidhuru kilichoandikwa kwenye boksi, au kigezo hakikuwashwa.

Mwisho chomoa waya mmoja wa njia ya kitufe bila kukibonyeza. Lazima isimame. Rudisha waya, na relei ikubali kuwashwa baada ya njia zote mbili kufunguka na kufungwa pamoja. Ikikubali kabla ya hapo, haizilinganishi njia mbili.